Mjamzito na Nyama Isiyoiva: Hatari Iliyo Karibu na Mfupa

Mwaka 1965 daktari Mfaransa Georges Desmonts na wenzake walichapisha matokeo ya kazi ambayo leo hakuna kamati ya maadili ingeiruhusu. Katika hospitali ya watoto wenye kifua kikuu karibu na Paris, wagonjwa walikuwa wakilishwa nyama iliyopitishwa motoni kidogo tu, kwa imani ya wakati ule kwamba nyama ya namna hiyo huujenga mwili uliodhoofika. Desmonts alitaka kujua kama nyama hiyo ndiyo iliyowaletea watoto maambukizi ya kimelea kiitwacho toksoplasma. Alichofanya ni kuwapima damu na kufuatilia ni wangapi kati ya wale wasio na kimelea walikuwa wakikipata. Kabla ya nyama hiyo, kasi ilikuwa kama watoto 10 katika kila 100 kwa mwaka. Walipoongezewa nyama ya ng'ombe au farasi isiyoiva, ikapanda hadi 50. Zilipoongezwa mbavu za mwanakondoo, nazo zimebabuliwa tu, ikafika 100.

Kwa hiyo jambo hili si geni. Kwa karibu miaka sitini madaktari wamejua kwamba nyama isiyoiva ni mlango mkubwa wa toksoplasma, na kwamba nyama ya kondoo ina hatari kuliko ya ng'ombe. Hata hivyo, mjamzito wa Dar es Salaam au Mombasa akisikia habari za ugonjwa huu wa toksoplasmosisi, mara nyingi huambiwa jambo moja tu: fukuza paka. Paka ana sehemu yake katika mkasa huu, lakini anayetakiwa kuangaliwa zaidi ni mwenye kisu na jiko.

Tuanze na huyo paka ili tummalize. Kimelea hiki huzaliana kikamilifu ndani ya utumbo wa jamii ya paka peke yake. Paka mchanga akila panya mwenye kimelea, au masalio ya nyama mbichi uliyomtupia, hutoa vijiyai vingi mno katika kinyesi chake kwa wiki moja hadi tatu, kisha kwa kawaida huacha. Kinyesi kibichi hakiambukizi papo hapo, kwa sababu vijiyai huhitaji siku moja hadi tano kukomaa. Vikishakomaa, huishi katika udongo wenye unyevu kwa miezi mingi. Mbuzi hula majani yaliyoota kwenye udongo huo, nguruwe hufukua, kuku wa kienyeji hudonoa. Vijiyai vikiingia katika wanyama hawa, kimelea husambaa mwilini kisha hutulia ndani ya misuli, moyo na ubongo kikiwa kimejifungia katika vifuko vidogo mno, na humo hukaa maisha yote ya mnyama.

Vifuko hivyo havionekani kwa macho. Hapa ndipo wengi tunapojidanganya na muhuri wa mkaguzi wa nyama. Mkaguzi machinjioni hupasua misuli akitafuta malengelenge ya tegu, ambayo huonekana kama punje nyeupe, na hutazama ini na mapafu kama yana minyoo au majipu. Kifuko cha toksoplasma huhitaji darubini. Nyama inaweza kuwa nyekundu safi, imechinjwa asubuhi ileile, ina muhuri wa buluu ubavuni, na bado ikawa nacho. Mbuzi, kondoo na nguruwe ndio wanaobeba zaidi. Ng'ombe hubeba kwa kiasi kidogo zaidi, na kuku wa kufungiwa bandani ni nadra kuliko yule anayezurura uani. Kwa maneno mengine, kile tunachokisifu kuwa ni nyama tamu ya asili, yaani mbuzi wa kuchungwa na kuku wa kienyeji, ndicho kinachotaka moto zaidi.

Mtu mzima mwenye afya akiambukizwa, mara nyingi hajui. Pengine atapata homa ndogo, uchovu wa wiki kadhaa, na tezi zilizovimba shingoni zisizouma sana. Katika nchi zetu dalili hizo hupewa jina la malaria kabla mgonjwa hajakaa vizuri kwenye kiti. Kisha mwili hujenga kingamwili, kimelea hujificha ndani ya vifuko, na mambo huishia hapo. Aliyewahi kuambukizwa kabla ya kushika mimba kwa kawaida hamwambukizi mtoto, isipokuwa kinga yake iwe imeporomoka sana, kama kwa mwenye virusi vya Ukimwi ambaye hajaanza au ameacha dawa.

Tatizo ni yule anayekipata kwa mara ya kwanza akiwa na mimba. Kabla kingamwili hazijawa tayari, kimelea huzunguka katika damu na kinaweza kuvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Wako wanawake wangapi wa namna hiyo? Utafiti uliofanywa Mwanza kwa wajawazito waliohudhuria kliniki, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta kingamwili za toksoplasma kwa takriban watatu kati ya kumi. Wengi husoma takwimu hiyo na kuwahurumia hao watatu. Mimi nawaangalia wale saba, kwa kuwa wao ndio ambao bado wanaweza kuambukizwa wakiwa na mtoto tumboni.

Muda wa mimba hubadilisha hatari kwa namna mbili zinazokwenda kinyume. Takwimu za Lyon, Ufaransa, zilizochapishwa mwaka 1999, zilionyesha kwamba mama akiambukizwa katika wiki ya 13, uwezekano wa kimelea kumfikia mtoto ni kama 6 katika 100, na katika wiki ya 36 ni kama 72 katika 100. Lakini watoto wachache waliofikiwa mapema ndio walioumia zaidi, kwani wengi wao walionyesha madhara, ilhali kwa waliofikiwa mwishoni ni wachache sana walioonyesha dalili utotoni. Na hao ni watoto ambao mama zao wengi walitibiwa. Katika mimba changa kimelea kinaweza kuiharibu mimba yenyewe, kujaza maji kichwani mwa mtoto au kuacha makovu ubongoni. Katika mimba kubwa mtoto huzaliwa akionekana mzima, kisha miaka baadaye, pengine akiwa shuleni, jicho moja linaanza kupoteza nuru kwa sababu ya kovu nyuma yake. Hakuna mwezi wa mimba ambao mtu anaweza kusema, sasa nimeshavuka.

Basi twende jikoni. Nitachukua kazi moja tuifuate tangu buchani hadi sahanini: mguu wa mbuzi wa kilo moja na nusu, pamoja na kachumbari, kwa ajili ya wageni wa Jumapili. Mwenye kupika ana mimba ya miezi minne.

Nyama ikifika nyumbani, kawaida ya wengi ni kuiosha kwenye beseni au chini ya bomba. Kuiosha hakuondoi kimelea, kwa sababu hakiko juu ya nyama, kimo ndani yake. Kinachotokea ni maji ya nyama kuruka hadi kwenye vikombe na vijiko vilivyo karibu. Kama kuna vipande vya mifupa au mchanga kutoka buchani, inatosha kuvifuta au kuosha taratibu ndani ya chombo kirefu, kisha kumwaga maji na kusugua chombo kwa sabuni.

Sasa nyanya na vitunguu. Hapa ndipo mpango wa kazi unapohitaji kugeuzwa. Wengi wetu hukata nyama kwanza, kwa kuwa ndiyo itakayokaa motoni muda mrefu, kisha hukata kachumbari dakika za mwisho ili isichuje maji. Kisu ni kilekile, ubao ni uleule, na katikati yake ni kufutwa kwa kitambaa tu. Nyama itaenda motoni na kilichomo ndani yake kitakufa, lakini kachumbari haitaenda motoni kamwe. Utafiti wa wajawazito wa Norwei uliochapishwa mwaka 1996 ulilitaja jambo hili waziwazi. Pamoja na ulaji wa nyama ya kondoo na nyama ya kusaga isiyoiva, waliokuwa hawaoshi visu vyao mara kwa mara baada ya nyama mbichi walikuwa katika hatari zaidi. Basi geuza mpango. Kata kachumbari kwanza kwenye ubao mkavu na safi, ifunike, iweke kando. Nyama ifuate. Wenye nafasi wawe na mbao mbili, na ule wa nyama uwekwe alama asije mtu akauchukua kukatia tikiti.

Habari njema ni kwamba kimelea kilicho ndani ya nyama ni dhaifu kikitoka nje ya nyama. Maji na sabuni ya kawaida yanakiua kikiwa juu ya kisu, ubao na mikono. Huhitaji dawa ya duka. Kinachohitajika ni kusugua, hasa kwenye mifereji ya ubao iliyochimbwa na visu vya miaka mingi, na chini ya kucha. Mwenye kidonda kidoleni avae glovu au amwachie mtu mwingine kazi ya kukata. Wala usijishike macho au mdomo kabla hujanawa.

Tumefika kwenye viungo, na hapa pana hadaa mbili. Mpishi wetu anapaka nyama tangawizi, kitunguu saumu, ndimu, chumvi na papai bichi lililosagwa, kisha anaiacha saa tatu. Ndimu huigeuza nyama rangi, ile nyekundu ikawa kijivu kama iliyopikwa. Papai hulainisha misuli hata kidole kinazama. Baada ya hapo, mambo mawili tunayoyategemea kujua kwamba nyama imeiva, yaani rangi na ulaini, yameshapatikana kabla moto haujawashwa. Mshikaki uliolazwa katika papai usiku kucha unaweza kutafunika vizuri huku katikati yake hapajawahi kupata joto la kuua chochote. Ndimu, siki, chumvi ya kukolezea, pilipili na viungo, kwa kiasi na muda tunaotumia nyumbani, si kinga. Kuanika na kufukiza moshi navyo havitegemeki.

Na kuna tabia moja ya wapishi hodari ambayo ningependa ife kabisa kwa mjamzito: kuonja chumvi kwenye nyama mbichi. Anayefinyanga kababu za nyama ya kusaga huchovya kidole, akakigusisha ulimini, akatikisa kichwa na kuongeza chumvi. Anafanya hivyo mara mbili tatu kwa bakuli moja. Nyama ya kusaga ina ubaya wake, kwani wanyama kadhaa huchanganywa buchani katika mashine moja, na kimelea cha mmoja huenea katika kilo zote. Dawa yake ni nyepesi. Bandika kikaango, kaanga tonge dogo la kijiko kimoja hadi liive, uonje hilo. Utaonja na chumvi yenyewe ilivyo baada ya moto, jambo ambalo kidole kibichi hakikuambii.

Sasa moto wenyewe. Vifuko vya toksoplasma hufa joto la katikati ya nyama likifika nyuzi 67 za selsiasi. Wataalamu wa usalama wa chakula huweka akiba juu ya hapo, na nyama ya kusaga hutakiwa ifike 71, kuku 74. Kwa mjamzito asiyetaka kukariri tarakimu tatu, ashike 75 kwa kila nyama na amalize. Kipimajoto cha nyama chenye sindano kinapatikana katika maduka ya vyombo mijini. Hudungwa katikati ya sehemu nene kuliko zote, bila kugusa mfupa, kwani mfupa una joto lake tofauti na hudanganya usomaji.

Jikoni kwetu nyama ya mchuzi haina matatizo. Maji yanayochemka yana nyuzi 100 pale pwani, na hata Nairobi, ambako kwa sababu ya mwinuko huchemka kwenye nyuzi kama 94, bado ni mbali juu ya 67. Supu ya mbuzi, mchemsho wa kuku, biriani ambayo nyama yake imepikwa kwanza, maharage yenye vipande vya nyama, vyote vinatosha mradi vipande viwe vimeyeyuka barafu na vimechemka pamoja na mchuzi hadi kulainika. Sambusa nayo ina usalama wake, kwa kuwa nyama hukaangwa kabla ya kufungwa. Kababu ni jambo jingine, kwani nyama mbichi huingia katika mafuta ya moto, ganda likawa la kahawia katika dakika mbili huku kiini kikiwa bado cha waridi. Zifinyange ndogo, punguza moto, na upasue moja katikati kabla ya kutoa sufuria nzima.

Mguu wetu wa mbuzi ndio mtihani. Mkaa hutoa joto kali upande mmoja. Sehemu ya nje huungua, mafuta hudondoka, harufu huwaita wageni, na ndani, pale nyama inapokutana na mfupa, bado pana damu. Ikiwa mguu ulitoka kwenye friza asubuhi na haukuyeyuka vizuri, mle ndani huenda mlikuwa na barafu dakika ishirini zilizopita. Njia ninayoiona bora kwa nyumba yenye mjamzito ni kuukata mguu vipande vya ukubwa wa kiganja, kuvichemsha pamoja na tangawizi na chumvi kwa dakika 30 hadi 40, kisha kuvipeleka kwenye mkaa vipate moshi na ukavu. Najua wapenzi wa nyama choma watasema hiyo si choma tena. Wana haki yao. Wale wanaoshika njia ya asili basi waipasue nyama hadi mfupani kabla ya kuipakua, waangalie majimaji. Yakitoka mekundu au ya waridi, irudi motoni. Yakitoka maangavu na nyama imebadilika rangi hadi mfupani, hali ni nzuri, ingawa kipimajoto hushinda macho kila mara, na macho yenyewe, kama tulivyoona, ndimu inaweza kuyahadaa.

Kisha kuna sahani. Sahani iliyobeba nyama mbichi kupeleka jikoni ndiyo hiyohiyo mara nyingi inayorudisha iliyoiva. Vijiti vya mshikaki vilivyotumika kugeuza nyama mbichi ndivyo vinavyotumika kuipakua. Badilisha vyote viwili, au vioshe nyama ikiwa bado motoni.

Wageni wameondoka, kimebaki kipande kimeiva nusu. Kukipasha kwenye maikrowevu si kukiivisha. Chombo hicho hupasha kwa mabaka, upande mmoja ukichemka na mwingine uko vuguvugu. Kirudishe kwenye sufuria yenye maji kidogo kichemke.

Friza inaweza kusaidia, kwa masharti. Nyama ikigandishwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku kadhaa, vifuko vingi hufa. Lakini hiyo ni friza kamili inayofanya kazi muda wote. Kile chumba kidogo cha barafu juu ya jokofu, ambacho mlango wake umeshikwa na kamba na umeme hukatika mara mbili kwa siku, hakifiki huko. Aliye na friza nzuri aitumie kama msaada wa ziada, hasa kwa nyama ya sikukuu ya Idi inayogawiwa kwa wingi, kisha apike kama vile haikuwahi kugandishwa, kwani baridi haiui bakteria walio juu ya nyama hiyohiyo. Na kwa kuwa tumeitaja Idi, maini yanayotupwa kikaangoni dakika tatu asubuhi ya kuchinja, yakaliwa na ubichi wake katikati, mjamzito ayaache au ayarudishie moto hadi yakauke. Maini yana sababu nyingine pia ya kutoliwa kwa wingi katika mimba, nayo ni vitamini A iliyomo, ambayo ikizidi humdhuru mtoto.

Kwenye vibanda vya barabarani huwezi kuongoza kisu cha mtu. Unachoweza ni kuchagua. Mwambie mchomaji aipasue mbele yako, umwambie unataka ikauke, nawe usubiri. Wengi watakubali bila kununa. Kachumbari ya pale, iliyokatwa kwenye gogo lilelile linalokatiwa nyama, iache. Mishkaki iliyochomwa nusu mchana na kungoja wateja wa usiku ipite. Kwa wasomaji walio Ulaya, ambako nyama ya waridi katikati huhesabiwa kuwa ustadi wa mpishi, itabidi kusema wazi unapoagiza kwamba unataka iliyoiva kabisa. Usione haya.

Mboga na maziwa siwezi kuziacha kabisa, ingawa makala hii ni ya nyama. Vijiyai vilivyotoka kwa paka na kukaa kwenye udongo ni vigumu kuliko vifuko vya ndani ya nyama. Havifi kwa siki wala kwa maji yenye dawa ya kufulia. Kwa hiyo mboga za kuliwa mbichi huoshwa jani kwa jani kwa maji mengi yanayotiririka ili vijiyai vichukuliwe na maji, na zile zisizoosheka vizuri hupikwa. Maziwa ya mbuzi huchemshwa. Mwenye paka amwachie mtu mwingine kazi ya kuondoa kinyesi kila siku, na asimpe utumbo mbichi.

Sasa swali la kliniki. Kipimo cha toksoplasma hakimo katika vipimo vya kawaida vya wajawazito Tanzania na Kenya. Ufaransa imewapima wajawazito wake kwa sheria tangu mwaka 1978, na tangu 1992 wasio na kingamwili hupimwa kila mwezi hadi wajifungue. Kwetu hupatikana katika hospitali kubwa na maabara binafsi, kwa kulipia. Karatasi ya majibu huwa na vitu viwili. IgG ikiwepo peke yake, maana yake kwa kawaida ni kwamba uliambukizwa zamani na una kinga. IgM ikiwepo, inawezekana maambukizi ni mapya, lakini IgM inaweza kubaki katika damu kwa zaidi ya mwaka, na mara nyingine kipimo hukosea. Kwa hiyo jibu moja la IgM halitoshi kumtia mtu hofu, achilia mbali kuamua hatima ya mimba. Daktari ataomba kipimo kirudiwe baada ya wiki mbili au tatu ili aone kama kingamwili zinapanda, au kipimo cha kuonyesha nguvu ya kingamwili kushika kimelea, ambayo huongezeka kadiri maambukizi yanavyozeeka.

Kama ulikula nyama mbichi jana, kipimo cha leo hakitakuambia lolote kuhusu chakula hicho, kwa sababu kingamwili huchukua wiki moja hadi tatu kuonekana. Kipimo cha leo hukuambia hali yako ya nyuma. Cha wiki tatu zijazo ndicho kitakachoonyesha kama kuna kipya. Maambukizi mapya yakithibitika, kuna dawa. Spiramisini hutumika kupunguza uwezekano wa kimelea kuvuka kwenda kwa mtoto, na mtoto akishafikiwa, madaktari hutumia mchanganyiko wa pirimethamini na salfadiazini pamoja na asidi ya foliniki, baada ya miezi ya mwanzo kupita.

Wajawazito wengi watalitambua jina hilo la pirimethamini, kwa kuwa limo katika vidonge vya SP wanavyopewa kliniki kujikinga na malaria. Nimewahi kusikia mtu akisema kwamba basi SP inamtosha kwa yote mawili. Haimtoshi. Dozi ya SP na nafasi kati ya dozi moja na nyingine vimepangwa kwa ajili ya malaria, ilhali matibabu ya toksoplasma huendelea kwa wiki nyingi chini ya usimamizi. Meza SP kama ulivyoelekezwa, na nyama uipike vilevile.

Wala hakuna haja ya mjamzito kuacha nyama kwa woga. Upungufu wa damu katika mimba ni mwingi kwetu kuliko toksoplasmosisi ya mtoto, na madini ya chuma yaliyo katika nyama hufyonzwa na mwili vizuri kuliko yale ya mchicha. Anachotakiwa kuacha ni ile nyama yenye waridi katikati na kile kidole cha kuonjea.

Neno la mwisho ni kwa wanaume, kwa kuwa nyumba nyingi za kwetu siku ya nyama choma ni wao wanaosimama kwenye mkaa na kugawa vipande vya kuonja kabla ya wakati. Mkeo, dada yako au mgeni wako akiwa mjamzito, usimpe kipande cha kuonja. Mpe cha mwisho kutoka jikoni, kilichopasuliwa hadi mfupani, ukikate kwa kisu kilichooshwa na sabuni.